Majibu ya hoja ya ukaguzi kuhusu mauzo ya mwaka 2024

Duka la Rejareja la Mrisho,
Kihonda, Morogoro.
14 Aprili 2025

Meneja wa Mkoa,
Mamlaka ya Mapato Tanzania,
Morogoro.

Ndugu Meneja,

YAH: TOFAUTI YA SH 63,480,000 KATIKA MAUZO YA MWAKA 2024

Husika na kichwa cha habari hapo juu na barua yenu ya tarehe 2 Aprili 2025.

Barua yenu imejumlisha fedha zilizoingia benki (Sh 92,680,000) na zilizopokelewa kwa lipa namba (Sh 39,220,000), jumla Sh 131,900,000, na kuzihesabu zote kuwa mauzo. Mashine yangu ya EFD inaonyesha mauzo ya Sh 68,420,000, na hicho ndicho kiasi nilichokiweka kwenye ritani. Ninakisimamia.

Sehemu kubwa ya tofauti ni fedha iliyohesabiwa mara mbili. Mteja akilipa kwa lipa namba, baada ya siku chache mimi huihamishia fedha ileile benki. Kwa mwaka mzima nilihamisha Sh 37,900,000. Kila muamala umeoanishwa, tarehe kwa tarehe, katika Kielelezo A.

Pili, mimi ni wakala wa fedha kwa simu. Taslimu wanazoniachia wateja wanaoweka pesa kwenye simu zao nazipeleka benki kununua floti: Sh 27,500,000. Hiyo ni mali ya wateja. Changu ni kamisheni, Sh 1,870,000, ambayo nimeionyesha kwenye ritani peke yake, mbali na mauzo ya duka (Kielelezo B).

Sh 11,300,000 ni michango ya kikoba cha kina mama wa mtaani kwetu. Mimi ni mhazina, na michango ilipitia akaunti yangu hadi Juni, kikundi kilipofungua akaunti yake. Daftari la kikundi na barua ya mtendaji wa mtaa ni Kielelezo C. Naomba mlitazame hili kwa makini, maana kuitoza kodi fedha hii ni kukata akiba za watu waliojinyima kuziweka. Sh 4,000,000 ni mkopo wa SACCOS. Mkataba ni Kielelezo D.

Fedha hizo zisizo mauzo ni Sh 80,700,000, zaidi ya tofauti mnayoihoji. Sababu ni kwamba mauzo ya taslimu ya Sh 17,220,000 hayakupita benki. Nilinunulia bidhaa moja kwa moja kwa wauzaji wa jumla. Yamo kwenye ripoti za Z, na risiti za manunuzi ni Kielelezo E. Ukiondoa 17,220,000 kwenye 80,700,000 inabaki 63,480,000 kamili.

Naomba hoja hii ifungwe kabla ya makadirio yoyote kutolewa. Kama mkaguzi atataka kuona daftari halisi au kuhesabu bidhaa, nipo dukani Jumatatu hadi Jumamosi, na simu yenye kumbukumbu za uwakala ipo hapohapo.

Wako mtiifu,

Zainabu S. Mrisho
Mmiliki

Viambatisho: Vielelezo A hadi E, na ripoti za Z za Januari hadi Desemba 2024