Bado nanuka moshi 🔥

Nimeoga, nimefua, na nywele bado zinanuka kuni. Jirani yangu wa meza kazini amenisogelea asubuhi, akanusa, akaniuliza kama nyumbani kwangu kuna usalama. Nimemwambia kuko salama kabisa, ni kwamba Jumamosi usiku nilikuwa motoni na marafiki. Hajauliza tena.

Picha ndizo hizi, msinicheke. Ya kwanza ni moto. Ya pili ni moto huohuo, na pembeni goti la mtu. Ya tatu ndiyo pekee yenye sura za watu, na hiyo nayo simu ilijitahidi tu: ikikuta giza inavuta mwanga kwa sekunde kadhaa, kwa hiyo aliyetulia ametokea vizuri na aliyekuwa anacheka ana vichwa viwili. Mwenye vichwa viwili anajijua. Telezesha hadi ya mwisho uone cheche, ile imetoka nzuri kwa bahati tu.

Tuanze na fundi wetu wa moto. Alitutangazia mapema kwamba asiguse mtu, kuwasha moto ni kazi yake. Sawa, mzee. Akapanga magogo makubwa kwanza, vijiti juu, na nusu ya kuni zilikuwa mbichi. Kuni mbichi ni kama kukaanga maji: joto lote linaishia kukausha unyevu, na wewe unaambulia moshi. Tulikohoa hadi tukatokwa machozi. Dada mmoja, ambaye hakuwa amejitangaza chochote, akainuka kimya, akabomoa lile kasri, akaanza upya na majani makavu, vijiti vyembamba kama penseli, halafu vinene kidogo, akiacha nafasi katikati hewa ipite. Dakika chache tu, moto ukashika. Fundi amebaki na cheo lakini madaraka yamehama.

Halafu ule moshi wenye chuki binafsi! Ukihama unakufuata, ukirudi unarudi nao. Mwenzetu mmoja anayejua kila kitu akasema siyo uchawi: moto huvuta hewa kutoka pande zote, na mwili wako unaziba hewa ya upande wako, basi moshi unainamia kwako. Dawa yake, eti, ni kuweka jiwe kubwa upande wa pili ili moshi ulifuate lenyewe. Jiwe hatukuwa nalo. Tulimwomba mtaalamu akakae yeye huko.

Mwezi haukuwepo. Tuliamua simu zikae mfukoni, si kwa ustaarabu wowote, bali kwa sababu kila aliyewasha skrini alikuwa anatupofusha. Macho yanahitaji kama nusu saa kuzoea giza sawasawa, na mwanga mkali wa mara moja tu unakurudisha mwanzo. Moto nao una hila zake. Ukiukodolea muda mrefu, sura za wenzako unaziona zimepakwa rangi ya chungwa, ila giza la mgongoni linazidi kuwa zito. Kila aliyesikia jani likivunjika nyuma yake aligeuka na hakuona kitu. Hapo ndipo mtu mmoja akasema, kwa sauti ya chini kabisa, “Paukwa.”

Pakawa!

Hadithi ya kwanza ilikuwa ya uongo, ya pili ya uongo zaidi. Ya tatu ilisimuliwa na rafiki yetu muuguzi, na mpaka sasa sijui niiweke wapi. Zamu ya usiku, wodi imetulia, kengele ya kitanda cha mwisho inalia. Anakwenda. Kitanda kimetandikwa, hakina mtu, kimekuwa wazi tangu mchana. Anaizima kengele, anarudi mezani kwake. Inalia tena. Safari hii anaichomoa waya kabisa ukutani, anauviringisha, anautia mfukoni mwa koti lake. Anakaa. Anaandika ripoti yake. Anafika mstari wa pili…

Na hapo gogo likapasuka. PAA! Cheche zikaruka juu, watu wazima wenye kazi zao na heshima zao wakapiga yowe. Jamaa mmoja alinishika mkono, na kwa hisani yangu simtaji. Najua ni mvuke uliokuwa umebanwa ndani ya kuni mpaka ukapata pa kutokea. Nilijua hata wakati napiga yowe.

Tulipotulia tukamwambia malizia basi, mama. Akachochea makaa, akasema, “Zamu yangu imekwisha, aendelee mwingine.” Mpaka leo hajamalizia! Tumembembeleza kwenye kundi, tumemtishia, anatutumia tu emoji ya kengele 🔔. Kama yupo anayeweza kumhonga, aje sanduku la ujumbe.

Niliwahi kusoma kuhusu mwanaanthropolojia mmoja, Polly Wiessner, aliyechunguza mazungumzo ya Wasan wa Kalahari na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Mchana walizungumzia zaidi kazi, mali na malalamiko ya huyu na yule. Usiku penye moto, asilimia 81 ya mazungumzo ilikuwa hadithi. Sikushangaa sana. Sisi tulifika pale jioni tukiwa na orodha nzima ya malalamiko: kodi ya nyumba, bosi, foleni. Sikumbuki ni saa ngapi yaliisha. Nadhani ni kwa sababu penye moto macho yana pa kukaa. Hulazimiki kumtazama unayemwambia, naye hakukazii macho, mnatazama wote kitu kimoja, na ukimya hauna anayeuharakisha.

Ndiyo maana hata yule bwana asiyeongea, yule wa “sawa” na dole gumba kwenye kundi, alifungua mdomo. Moto ulikuwa umeshuka, umebaki makaa mekundu. Alianza kama anatania, kuhusu redio ya marehemu baba yake ambayo haishiki stesheni yoyote lakini huiwasha kila Jumapili, isikike tu ile mikwaruzo. Alieleza kwa nini. Hapa siandiki, ni yake. Ninachoweza kusema ni kwamba hakuna aliyetia neno, na dada wa moto aliongeza kuni moja tu, polepole, ili mwanga usije ukamfika usoni kabla hajamaliza. Nimemjua bwana huyu miaka, na nilikuwa namfahamu nusu.

Baada yake ilibidi mtu aharibu hali ya hewa kwa vichekesho, na kwa hilo tunao wataalamu wa kutosha. Mmoja aliimba. Tulimsamehe.

Kuzima moto tulikuwa makini, semeni mtakavyo. Maji, koroga, maji tena, mpaka majivu yakaacha kufuka na mgongo wa mkono ukikaribia usihisi joto. Makaa yaliyofunikwa udongo tu yanaweza kukaa na moto ndani saa nyingi, na sisi hatukwenda pale kuchoma nyasi za watu.

Matangazo: aliyeondoka na koti langu la kijivu, nakuona kwenye picha ya tatu. Usilifue, niletee hivyohivyo. Muuguzi, tunakudai mwisho wa hadithi. Fundi, mara ijayo unabeba maji. Na kuni kavu jamani, KAVU.

#MotoNaMarafiki #PaukwaPakawa #HadithiZaGizani #KengeleYaKitandaChaMwisho