Mkataba wa Mali Kauli: Vikapu vya Milulu kutoka Iringa

Mkataba huu umefanyika Dar es Salaam leo, Jumatatu tarehe 2 Februari 2026, baina ya Bi. Rehema Kalinga, msukaji na mkusanyaji wa vikapu, mkazi wa Iringa (humu anaitwa "Mwenye Mali"), na Bw. Salim Mbaraka Nassor, anayefanya biashara kwa jina la Ukili na Udongo katika fremu iliyopo Mikocheni, Dar es Salaam (humu anaitwa "Duka").

Pande hizi mbili zimefanya mali kauli kwa mdomo tangu katikati ya mwaka 2024. Hesabu zilipofungwa Desemba 2025, vikapu 11 havikuonekana rafuni wala kwenye daftari la mauzo, na hakuna aliyeweza kuonyesha kama viliuzwa, viliibwa au havikufika kabisa. Hasara hiyo imegawanywa nusu kwa nusu na imeshalipwa, haitafufuliwa tena. Yaliyoandikwa hapa yanahusu mzigo wa kuanzia leo.

1. Maana ya mali kauli

Wapo wanaosema mali kauli wakimaanisha kukopeshana: mtu anachukua mzigo, unakuwa wake, anabaki na deni. Sivyo ilivyo humu. Katika mkataba huu mali kauli maana yake ni kwamba Mwenye Mali anaweka vikapu vyake dukani, Duka linamuuzia, na Duka linapata kamisheni kwa kila kinachouzwa. Duka halijanunua kitu, na halidaiwi bei ya kikapu ambacho bado kipo rafuni kikiwa salama.

2. Mzigo wa kwanza na bei

Mzigo wa kwanza ni vipande 100, umehesabiwa na pande zote mbili asubuhi ya leo:

- vikapu vikubwa vya mfuniko 20, bei ya kuuzia Sh 75,000 kimoja;
- vikapu vya kati vya mikono ya ngozi 30, Sh 50,000 kimoja;
- vikapu vidogo 40, Sh 30,000 kimoja;
- seti 10 za vitambara vya sahani vilivyosukwa, Sh 36,000 seti moja.

Thamani yote kwa bei ya kuuzia ni Sh 4,560,000. Fungu la Mwenye Mali ni asilimia 65 ya bei ya kuuzia, na la Duka ni asilimia 35. Kwa mfano, kikapu cha kati kikiuzwa Sh 50,000, Mwenye Mali anapata Sh 32,500 na Duka Sh 17,500. Mzigo wote ukiisha kwa bei hizi, Mwenye Mali atakuwa amepata Sh 2,964,000.

Mteja akiomba apunguziwe, Duka linaweza kushuka hadi asilimia 10, lakini punguzo hilo linakatwa kwenye fungu la Duka peke yake. La Mwenye Mali linabaki kama bei haijaguswa. Kushuka zaidi ya hapo kunahitaji ruhusa ya Mwenye Mali kwa maandishi kabla ya kuuza, na ujumbe wa WhatsApp unatosha. Makato ya benki mteja anapolipa kwa kadi, na makato ya Lipa Namba, ni ya Duka.

Mizigo itakayofuata itatumwa kwa basi, nauli ikilipwa na Mwenye Mali. Duka litaupokea mzigo stendi, litauhesabu ndani ya siku 2 tangu kufika, na kutuma picha ya hati ya mzigo iliyosainiwa. Siku hizo 2 zikipita bila neno, idadi iliyoandikwa na Mwenye Mali ndiyo itakayohesabiwa kuwa imepokelewa. Mpaka mzigo unapopokelewa stendi, hatari ya njiani ni ya Mwenye Mali.

3. Mali ni ya nani

Kila kikapu ni mali ya Mwenye Mali tangu kinapoingia dukani hadi dakika mteja anapokilipia bei yote. Hapo umiliki unatoka kwa Mwenye Mali kwenda kwa mteja moja kwa moja. Haupiti kwa Duka hata kidogo.

Kila kipande kimeshonewa ndani, chini ya ukingo, kitambaa cheupe chenye namba, kuanzia RK-001 hadi RK-100, na namba zitaendelea kwa mizigo ijayo. Duka halitaondoa kitambaa hicho kabla ya mauzo. Wakati wa kuuza, namba inaandikwa kwenye daftari kwanza, ndipo kikapu kinafungwa.

Duka haliruhusiwi kuviweka vikapu rehani, kuvitoa kufidia deni lake, kumkopesha mteja, wala kuvihamishia duka jingine au kwenye maonyesho bila ruhusa ya maandishi. Duka likimkopesha mteja, kikapu kinahesabiwa kimeuzwa taslimu siku kilipotoka mlangoni.

Kipengele hiki kimewekwa kwa sababu ya kodi ya pango. Fremu ikifungwa kwa malimbikizo, au dalali wa mahakama akija kukamata mali za Duka kwa deni lolote, Duka litamwonyesha mkataba huu palepale na kumjulisha Mwenye Mali siku hiyohiyo. Ndani ya siku 7 tangu kusaini, Duka litampa mwenye fremu barua ya kumweleza kwamba vikapu vyenye kitambaa cha RK si mali ya mpangaji wake, na nakala iliyopokelewa na kusainiwa itatumwa kwa Mwenye Mali. Barua isipotolewa, Mwenye Mali ana haki ya kuchukua mzigo wake wote siku ya nane.

4. Utunzaji, upotevu na uharibifu

Milulu ni majani, na hewa ya Dar es Salaam si ya Iringa. Vikapu vitakaa juu ya rafu, si sakafuni wala kwa kubanwa ukutani. Vya mfuniko vitaachwa wazi usiku wakati wa masika ili visishike ukungu. Na hakuna kikapu chenye rangi kitakachokaa kwenye kioo cha mbele panapopigwa na jua la mchana.

Kikapu kikipotea, kikiibwa, kikiliwa na panya, kikiota ukungu au kikiungua kikiwa mikononi mwa Duka, Duka litalipa fungu kamili la Mwenye Mali, kama vile kimeuzwa. Hakuna asilimia ya "upotevu wa kawaida". Kasoro ya usukaji, kama mkono kung'oka au rangi kuchuja ndani ya siku 30 tangu mteja anunue, ni ya Mwenye Mali: Duka litampa mteja kingine au kumrudishia fedha, kisha kukata kwenye hesabu ya mwezi huo, na kikapu chenye kasoro kitahifadhiwa ili Mwenye Mali akione.

5. Taarifa ya mauzo

Hesabu ya mwezi inafungwa siku ya mwisho ya mwezi, duka linapofungwa. Kufikia tarehe 5 ya mwezi unaofuata, Duka litatuma taarifa yenye namba ya kila kikapu kilichouzwa, tarehe, bei aliyolipa mteja, fungu la kila upande, vilivyorudishwa au kuharibika, na idadi iliyobaki kwa kila aina. Pamoja nayo zitatumwa picha za kurasa za daftari. Mwezi usio na mauzo nao una taarifa: itaandikwa "hakuna kilichouzwa" na idadi iliyopo. Taarifa ya kwanza ni ya tarehe 5 Machi 2026.

Duka ndilo linalotoa risiti ya EFD kwa mteja kwa bei yote. Kwa hiyo taarifa ya mwezi, iliyosainiwa na pande zote mbili, itatunzwa kama ushahidi kwamba sehemu ya mauzo hayo ni fedha ya Mwenye Mali na siyo pato la Duka. Kila upande utalipa kodi ya pato lake mwenyewe.

Mali itahesabiwa kwa macho Jumamosi ya mwisho ya Machi, Juni, Septemba na Desemba. Mwenye Mali anaweza kuja mwenyewe au kutuma mtu mwenye barua yake. Nje ya siku hizo anaweza pia kuja kuhesabu saa za kazi, baada ya kutoa taarifa ya siku moja. Kikapu kisichoonekana rafuni wala kwenye daftari kinahesabiwa kimeuzwa kwa bei kamili.

6. Fedha na siku ya kulipa

Fungu la Mwenye Mali ni amana iliyo mikononi mwa Duka. Kila Jumatatu Duka litalitoa kwenye droo na kuliweka kwenye akaunti ya akiba isiyotumika kulipa pango, umeme wala kununulia mali nyingine.

Malipo yatafanyika kufikia tarehe 10 ya mwezi unaofuata mauzo, kwa M-Pesa au benki, kwa namba zilizoandikwa kwenye hati ya mzigo wa leo. Ada ya kutuma inalipwa na Duka. Tarehe 10 ikiangukia Jumapili au sikukuu, malipo yatafanyika siku ya kazi inayotangulia, si inayofuata. Mwenye Mali hulipa wasukaji wake 14 kila tarehe 12, na wengi wao hawana mahali pengine pa kusubiria.

Duka likichelewa, litaongeza asilimia 1 ya kiasi kinachodaiwa kwa kila juma zima la kuchelewa, isizidi asilimia 10 kwa jumla. Malipo yakipita siku 30 bila kukamilika, Mwenye Mali anaweza kuchukua mzigo wote bila kungoja muda wa notisi, na deni linabaki palepale. Kama pande zinabishania sehemu ya hesabu, ile isiyobishaniwa italipwa kwa wakati.

7. Vikapu visivyouzwa

Kikapu kikikaa siku 90 bila kuuzwa, Duka litakitaja katika taarifa ya mwezi. Ndani ya siku 14 Mwenye Mali ataamua kukishusha bei, kukibadilisha kwa aina nyingine, au kirudishwe. Asipojibu, kinaendelea kukaa kwa bei ileile. Duka haliwezi kukishusha bei kwa uamuzi wake.

Nauli ya kurudisha kikapu cha zaidi ya siku 90 ni ya Mwenye Mali. Duka likirudisha mapema kwa sababu zake, kama kutaka nafasi ya rafu, nauli ni ya Duka. Vinarudishwa vikiwa safi, na namba zake zimeandikwa. Hata vikikaa muda gani bila kuchukuliwa, haviwi mali ya Duka. Duka linachoweza kufanya ni kuvituma Iringa kwa basi na kukata nauli kwenye malipo yanayofuata.

8. Muda, kuvunja mkataba na migogoro

Mkataba ni wa mwaka mmoja, hadi tarehe 1 Februari 2027. Upande wowote unaweza kuuvunja kwa notisi ya siku 30 kwa maandishi. Ukiisha au ukivunjwa, mali itahesabiwa pamoja, na ndani ya siku 7 tangu kuhesabu, Duka litakabidhi vikapu vyote na kulipa kilichobaki, bila kusubiri tarehe 10.

Bw. Salim akifariki au akifunga biashara, warithi au wasimamizi wake watakabidhi vikapu vya RK kwanza, kabla ya kugawa au kuuza kilichomo dukani. Bi. Rehema akifariki, malipo yatashikwa mpaka msimamizi wa mirathi aonyeshe barua ya mahakama.

Mgogoro utazungumzwa kwanza ana kwa ana, daftari likiwa mezani, ndani ya siku 14. Ikishindikana, utapelekwa kwenye mahakama yenye mamlaka, Dar es Salaam au Iringa. Mkataba huu unatawaliwa na sheria za Tanzania Bara, ikiwemo Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Mabadiliko yoyote yataandikwa na kusainiwa na pande zote mbili. Bei tu ndizo zinazoweza kubadilishwa kwa ujumbe wa simu uliojibiwa "nimekubali".

Umesainiwa katika nakala mbili, kila upande umechukua moja.

Rehema Kalinga, Mwenye Mali. Shahidi wake: Neema Kalinga, mdogo wake.

Salim Mbaraka Nassor, kwa niaba ya Duka. Shahidi wake: Hadija Omari, muuzaji na mtunza daftari, ambaye amesomewa vipengele vya 3 na 5 na kusaini kando ya kila kimoja.