Tunatoa Hedifoni Mbili: Masharti Yote Haya Hapa

Maneno ya video: Ndugu watazamaji, tunatoa hedifoni mbili mpya, moja kwa kila mshindi. Ili kushiriki, andika "Nashiriki" chini ya video hii kabla ya Ijumaa hii saa 12 jioni, saa za Afrika Mashariki. Hulazimiki kununua chochote, na kusambaza video, ingawa tutashukuru, hakuongezi nafasi ya kushinda.

Maelezo ya chini: Droo itafanyika mubashara Jumamosi saa 4 asubuhi, na kila mshiriki mwenye miaka 18 au zaidi atahesabiwa mara moja tu, hata akiandika mara kumi. Gharama ya kutuma zawadi ni yetu. Anayekudai ada ni tapeli, hata akitumia picha yetu. Mshindi asipojibu ndani ya saa 48, droo itarudiwa.