Yah: Ufafanuzi wa maneno "hakiwezi kuondolewa" kwenye ripoti ya picha ya kifua

Wodi ya Wanawake,
Hospitali ya Wilaya.
14 Mei 2024

Kwa: Daktari Bingwa wa Radiolojia,
Hospitali ya Rufaa ya Mkoa.

Daktari, shikamoo.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ninakuandikia kuhusu Bi. M., miaka 58, jalada namba 0417, ambaye picha yake ya kifua ilipigwa hapa kwetu tarehe 10 Mei na ripoti yako ikatufikia jana mchana. Daktari wa wodi anafahamu kwamba ninaandika na ameisoma barua hii.

Ripoti inaeleza makovu na kusinyaa kwa sehemu ya juu ya pafu la kulia, pamoja na kivuli kidogo chini ya mfupa wa mtulinga. Hadi hapo tumekuelewa vizuri. Sentensi ya mwisho ndiyo iliyotugawa. Kwa Kiswahili ningeiandika hivi: kifua kikuu hai hakiwezi kuondolewa, oanisha na hali ya mgonjwa.

Asubuhi ya leo kwenye mzunguko wa wodi sentensi hiyo ilisomwa kwa namna tatu. Daktari wa mafunzo kwa vitendo alisema una shaka kubwa, dawa zianze leo. Tabibu akasema hayo ni maneno ya kujikinga tu, yapo kwenye kila ripoti ya mtu aliyewahi kuugua kifua. Daktari wa wodi akasema tusubiri, ila hakusema tusubiri nini. Mimi nilikuwa nimeshika faili, na ndiye niliyetakiwa kujua pa kumlaza.

Mgonjwa mwenyewe ameielewa kwa namna ya nne. Mwanawe aliipiga picha ripoti kwa simu, akaitafsiri neno kwa neno, akamsomea mama: "Kifua kikuu hakiwezi kuondolewa." Nilipokwenda kumpima sukari saa mbili usiku nilimkuta amegeukia ukutani. Akaniuliza, "Sista, kwa hiyo safari hii hakitoki tena?" Nilimweleza kwamba daktari hakusema ugonjwa hautoki, bali picha peke yake haijatosha kusema haupo. Akanitazama kama mtu anayefichwa jambo. Sikumlaumu, maana hata mimi nilikuwa ninamweleza kitu ambacho sijakielewa sawasawa.

Bi. M. ni mgonjwa wa kisukari, ameingia na sukari ya 18.4. Anakohoa kwa wiki tatu sasa na anasema nguo zimemlegea, lakini hatuna uzito wake wa zamani wa kulinganisha, na sukari ya kiwango hicho nayo hukondesha. Hana homa tangu alazwe. Hatokwi na jasho usiku; nimekesha zamu mbili nikimwangalia kwa makusudi na shuka lake lilikuwa kavu. Aliugua kifua kikuu mwaka 2011, akameza dawa miezi sita hadi mwisho, na kadi yake ya matibabu ipo. Makohozi ya kwanza kwa kipimo cha vinasaba hayakuonyesha vimelea. Ila kusema kweli yale hayakuwa makohozi, yalikuwa mate. Sampuli ya pili nimeikusanya leo alfajiri mwenyewe, nikasimama naye nje hadi akakohoa kutoka kifuani, na imeshafika maabara.

Sijui kama uliambiwa jinsi picha ilivyopigwa, kwa sababu sioni imeandikwa kwenye fomu ya maombi. Siku ile alikuwa mnyonge, hakuweza kusimama. Ilipigwa akiwa ameketi kitandani, sahani ikiwa mgongoni, na hakuvuta pumzi ya kutosha. Mifupa ya mabega imefunika sehemu ya juu ya mapafu yote mawili, huko huko ambako kivuli kipo. Sasa anasimama na anatembea hadi chooni bila kushikwa.

Ninachoomba kwanza ni kujua maneno yale yamebeba uzito gani kwa mgonjwa huyu. Je, umeona kitu kinachokutia shaka kwamba ugonjwa umeamka? Au umeona kovu la zamani, na kwa kuwa picha moja haiwezi kutofautisha kovu na ugonjwa mpya, ukaacha mlango wazi? Kwa anayeandika ripoti huenda tofauti ni ndogo. Kwangu mimi ni tofauti ya kitanda.

Wodi ina vitanda kumi na vinne na chumba kimoja cha pembeni. Chumba hicho kina mgonjwa aliyethibitishwa kuwa na kifua kikuu na ameanza dawa juzi. Nikimpeleka Bi. M. humo na kumbe hana, nitakuwa nimemwambukiza kwa mkono wangu, tena akiwa na sukari ya juu. Nikimwacha alipokuwa na kumbe anacho, kitanda kilichofuata kina mama mwenye kinga ndogo sana ya mwili. Kwa sasa nimemsogeza mwisho wa wodi karibu na dirisha, amevaa barakoa, na madirisha nimeagiza yasifungwe hata usiku. Wenzake wanalalamika baridi. Ni mpango wa siku mbili tatu, siyo zaidi.

Pili, kama tatizo ni ubora wa picha, tuambie tukurudishie ipi. Tunaweza kumpiga kesho akiwa amesimama, kifua kikiwa kwenye sahani, na akivuta pumzi kamili. Kama unataka ile ya kuegemea nyuma ili mitulinga ipande juu na ncha za mapafu zionekane, mpiga picha wetu anasema anaiweza. Siti skani hatuna, na nauli ya kuja kwenu ni mzigo kwa familia, hivyo ningependa isitajwe mpaka iwe lazima kweli. Ikiwa ni lazima, sema, tutatafuta njia.

Tatu, mwanawe amepata picha ya kifua ya mwaka 2011, ya mwisho wa matibabu. Ilikuwa nyuma ya kabati, imeng'ang'ania bahasha kwenye kona moja, lakini mapafu yanaonekana. Nimeiweka kwenye kisanduku cha taa nikaona kama kivuli kile kilikuwepo tangu wakati huo, ila macho yangu si ya kazi hiyo. Nimeifunga pamoja na barua hii. Tafadhali ilinganishe na ya sasa, na kama kivuli hakijabadilika kwa miaka kumi na mitatu, tuandikie hivyo waziwazi.

Uamuzi wa kuanza dawa ni wa daktari wa wodi na majibu ya makohozi yatachangia. Sikuombi uubebe wewe. Naomba tu sentensi mbili za nyongeza kwenye ripoti: unaelemea upande gani, na kipi kifuatie.

Dereva wa sampuli anakuja kwenu kesho alfajiri na kurudi jioni. Ukiwa na dakika chache mpe jibu, hata kwa mkono nyuma ya karatasi hii. Mimi nipo zamu ya asubuhi hadi Ijumaa, na simu ya wodi iko kwenye fomu ya maombi.

Wako katika kazi,

Sista Rehema
Muuguzi, Wodi ya Wanawake

Nakala: Daktari wa wodi, Mratibu wa Kifua Kikuu na Ukoma wa Wilaya
Kiambatisho: Picha moja ya kifua, 2011 (irudishwe kwa familia)