Moduli ya Idadi ya Watu: Maswali ya Kufasiri Takwimu kutoka Majedwali na Grafu

Kozi ya Jiografia kwa walimu wa shule za msingi walio kazini. Zoezi la mwisho wa moduli. Muda ni saa 1 na dakika 30. Jumla ya alama ni 40.

Maelekezo

Jibu maswali yote kwa sentensi kamili, ukionyesha hatua za hesabu na vipimo vyake. Kikokotoo kinaruhusiwa. Kila dai utakaloandika lazima liegemee tarakimu iliyomo katika jedwali au grafu husika, kwa hiyo jibu kama "watu wameongezeka sana" halitapewa alama hata likiwa kweli. Kabla ya kugusa hesabu yoyote, soma vichwa vya safu, vipimo na miaka. Makosa mengi katika mazoezi yaliyotangulia yalitokea hapo, wala si katika kugawanya na kuzidisha.

SEHEMU A: Sensa sita za Tanzania

Jedwali la 1: Idadi ya watu Tanzania kwa mujibu wa sensa zilizofanyika baada ya Muungano

| Mwaka wa sensa | Idadi ya watu (milioni) | Wastani wa ongezeko kwa mwaka tangu sensa iliyotangulia (asilimia) |
|---|---|---|
| 1967 | 12.3 | – |
| 1978 | 17.5 | 3.2 |
| 1988 | 23.1 | 2.8 |
| 2002 | 34.4 | 2.9 |
| 2012 | 44.9 | 2.7 |
| 2022 | 61.7 | 3.2 |

Grafu ya 1: Grafu ya mihimili ya takwimu hizo hizo. Kila alama ■ inawakilisha watu milioni 2.

```
1967  ■■■■■■
1978  ■■■■■■■■■
1988  ■■■■■■■■■■■■
2002  ■■■■■■■■■■■■■■■■■
2012  ■■■■■■■■■■■■■■■■■■■■■■
2022  ■■■■■■■■■■■■■■■■■■■■■■■■■■■■■■■
```

1. Taja vipindi viwili kati ya sensa na sensa ambavyo havikuwa vya miaka 10, na ueleze kila kimoja kilidumu miaka mingapi. (alama 2)

2. Soma idadi ya watu ya kila mwaka kutoka Grafu ya 1, kisha uilinganishe na Jedwali la 1. Ni mihimili ipi miwili iliyo mbali zaidi na takwimu halisi, na kila mmoja umezidisha au umepunguza kwa kiasi gani? (alama 4)

3. Mwalimu mmoja aliandika hivi katika daftari lake: "Kati ya 1988 na 2002 watu waliongezeka kwa kasi kubwa kuliko kati ya 2002 na 2012, kwa sababu ongezeko la kwanza ni milioni 11.3 na la pili ni milioni 10.5 tu."

(a) Hakiki hesabu zake za kutoa. (alama 1)

(b) Kokotoa wastani wa ongezeko la watu kwa mwaka, kwa milioni, katika kila kipindi kati ya vipindi vyote vitano. (alama 5)

(c) Kwa kutumia majibu yako ya (b) pamoja na safu ya tatu ya Jedwali la 1, eleza ni kwa maana gani kauli yake ni kweli, kwa maana gani si kweli, na kwa nini sababu aliyoitoa haifai hata pale kauli yenyewe inapokuwa kweli. (alama 4)

4. Katika karatasi ya grafu, chora grafu ya mstari ya Jedwali la 1. Katika mstari wa mlalo sentimita 1 iwakilishe miaka 5, kuanzia 1967, na katika mstari wa wima sentimita 1 iwakilishe watu milioni 5, kuanzia sifuri. Kisha kadiria kutoka grafu yako idadi ya watu mwaka 1995, na utaje sababu moja ya kutoichukulia tarakimu hiyo kama takwimu ya sensa. (alama 5)

SEHEMU B: Dar es Salaam na jirani zake

Jedwali la 2: Idadi ya watu katika maeneo yaliyoteuliwa (milioni)

| Eneo | 2012 | 2022 |
|---|---|---|
| Dar es Salaam | 4.36 | 5.38 |
| Mwanza | 2.77 | 3.70 |
| Pwani | 1.10 | 2.02 |
| Zanzibar (mikoa yote 5) | 1.30 | 1.89 |

5. Kokotoa ongezeko la kila eneo kwa idadi na kwa asilimia. Yapange maeneo hayo mara mbili, kuanzia ongezeko kubwa hadi dogo, kwanza kwa idadi kisha kwa asilimia, na ueleze Dar es Salaam imekaa nafasi gani katika kila mpangilio. (alama 6)

6. Kwa kutumia majedwali yote mawili, tafuta Dar es Salaam ilikuwa na asilimia ngapi ya watu wote wa Tanzania mwaka 2012 na mwaka 2022. Eleza inawezekanaje mkoa uongeze watu zaidi ya milioni moja huku sehemu yake katika jumla ya nchi ikipungua. (alama 5)

7. Wilaya za Kibaha, Kisarawe na Mkuranga ziko mkoani Pwani na zinapakana na Dar es Salaam. Mwanakozi mwenzako anadai kwamba Jedwali la 2 linathibitisha kuwa watu wamehama Dar es Salaam na kuhamia Pwani. Jadili dai hilo, ukibainisha jedwali linaonyesha nini, halionyeshi nini, na takwimu za aina gani mbili ambazo ungezihitaji kabla ya kulikubali. (alama 5)

8. Eneo la mkoa wa Dar es Salaam ni kilomita za mraba 1,393. Kokotoa msongamano wa watu mwaka 2022, kisha eleza kwa nini wastani huo hauwezi kusimulia vizuri hali ya Kariakoo wala ya Pemba Mnazi. (alama 3)

Mwongozo kwa wasahihishaji

Swali la 2: mihimili inayotakiwa ni ya 1988, uliozidisha kwa milioni 0.9, na ya 2012, uliopunguza kwa kiasi hicho hicho. Anayetaja mmoja tu apewe alama 2.

Swali la 3(b): majibu ni milioni 0.47, 0.56, 0.81, 1.05 na 1.68. Anayegawanya vipindi vyote kwa 10 atakosea viwili. Apewe alama za vile vitatu vilivyo sahihi.

Swali la 3(c) ndilo litakalotenganisha wanaosoma takwimu na wanaozinakili, hivyo lisisahihishwe kwa haraka. Kwa idadi ya watu wanaoongezeka kila mwaka, kauli si kweli, kwa kuwa 0.81 ni ndogo kuliko 1.05. Kwa asilimia, kauli ni kweli, kwa kuwa 2.9 ni kubwa kuliko 2.7, watu wachache zaidi waliongezwa kila mwaka, lakini waliongezwa juu ya idadi ya kuanzia iliyokuwa ndogo. Sababu ya mwalimu haifai kwa maana zote mbili kwa vile alilinganisha miaka 14 na miaka 10 kana kwamba ni sawa. Anayesema "amekosea" bila kutofautisha maana hizo mbili asipewe zaidi ya alama 2.

Swali la 4: makadirio yoyote kati ya milioni 28 na 29.5 yakubaliwe, mradi nukta za 1988 na 2002 ziko umbali wa sentimita 2.8 katika mstari wa mlalo. Nukta zikipangwa kwa nafasi zilizo sawa, alama za mchoro zipunguzwe hata kama mstari umechorwa kwa unadhifu.

Swali la 7: jedwali linaonyesha kwamba Pwani iliongezeka kwa asilimia 84 hivi na Dar es Salaam kwa asilimia 23 hivi, lakini halina safu yoyote ya mahali watu walikotoka. Takwimu za uhamaji kwa mkoa, za vizazi na vifo, au za idadi ya watu kwa kila wilaya zikubaliwe. Uzoefu wa mwanakozi mwenyewe wa kuhamia Kibaha, ingawa mara nyingi huwa wa kweli, usihesabiwe kama takwimu.