Swali la Tatu: Jedwali la Fundi wa Mkoani (Alama 20)

Soma maelezo haya kwa makini kabla ya kujibu. Vifungu vyote ni vya lazima.

Wakala wa tiketi za boti ana ofisi ndogo Mkoani, Pemba. Kompyuta ya karani imeunganishwa kwa kebo kwenye swichi, swichi imeunganishwa kwenye ruta, na tiketi zote husajiliwa kwenye seva iliyopo Malindi, Unguja. Asubuhi moja abiria wamejaa dirishani na tiketi hazitoki. Fundi aliyeko mafunzoni anafungua daftari lake, ambamo amenakili kazi za matabaka matano ya mtandao hivi:

1. Tabaka la maumbile: kugeuza biti kuwa ishara za umeme, mwanga au mawimbi ya redio.
2. Tabaka la kiungo: kuchagua njia ya pakiti kutoka Mkoani hadi Malindi kwa kutumia anwani ya IP, na kupunguza TTL kwenye kila ruta.
3. Tabaka la mtandao: kukata data vipande, kuvipa namba za mfuatano na kutuma upya kilichopotea.
4. Tabaka la usafirishaji: kufikisha fremu kwa kifaa jirani kwa anwani ya MAC, na kutupa fremu ambayo CRC yake hailingani.
5. Tabaka la matumizi: kupata anwani ya IP ya seva kutokana na jina lake kwa DNS, na kutumia namba ya poti kuamua ni programu ipi ipokee data.

Kisha akiwa kwenye kompyuta ya karani anajaribu amri mbili:

```
$ ping -c 1 tiketi.example
64 bytes from 203.0.113.20: icmp_seq=1 ttl=58 time=18.4 ms
$ curl https://tiketi.example/
curl: (7) Failed to connect to tiketi.example port 443
after 19 ms: Connection refused
```

(a) Si mistari yote mitano yenye kosa, na upo mmoja ambao nusu yake ni sahihi. Taja mistari yenye kosa na uirudishe kila kazi kwenye tabaka lake. (Alama 8)

(b) (i) Tuseme seva ilituma jibu lake ikiwa na TTL ya 64. Jibu hilo lilipita kwenye ruta ngapi hadi kufika Mkoani? (Alama 2)
(ii) Fundi anaamua kubadilisha swichi ya ofisi. Eleza namna daftari lake lilivyompoteza, kisha sema wewe ungekwenda kuangalia nini na wapi. (Alama 5)

(c) Mwenzake anadai: “CRC imeshakagua makosa kwenye kebo. Cheksamu ya TCP ni kazi ya bure.” Mjibu. (Alama 5)

Mwongozo kwa wasahihishaji

Kifungu (a). Mistari ya 2, 3 na 4 imezungushwa: kazi ya mstari wa 2 ni ya tabaka la mtandao, ya 3 ni ya usafirishaji, ya 4 ni ya kiungo. Kila mstari una alama 2, moja ya kuubaini na moja ya kuurekebisha. Mstari wa 5 nao una alama 2: DNS ibaki palepale, namba ya poti ishuke kwenye usafirishaji. Mtahiniwa akiuhamisha mstari wa 5 wote apewe alama 1 tu. Akisema mstari wa 1 una kosa, apunguziwe alama 1, maana huyo anabahatisha.

Makosa haya yalichaguliwa kwa sababu yanafanana na ukweli. Anwani zipo mbili, MAC ya biti 48 na IP ya biti 32 katika toleo la nne, na zote mbili “hufikisha” kitu mahali. Aliyekariri orodha kutoka juu kwenda chini atajikwaa hapa hapa. Aliyeelewa atajiuliza kazi hii inafanyika baina ya nani na nani. Baina ya vifaa viwili vilivyo kwenye kiungo kimoja, hiyo ni ya kiungo. Kuvuka ruta moja baada ya nyingine hadi mashine ya mwisho, ni ya mtandao. Baina ya programu ya Mkoani na programu ya Malindi, huku ruta za katikati zikipitisha tu, ni ya usafirishaji. Anayetoa hoja ya namna hii, hata kwa maneno yake ya mtaani, mpeni alama zote.

Kifungu (b)(i). 64 ukitoa 58 ni ruta 6. Jibu la 58 halina alama.

Kifungu (b)(ii) ndicho kinachobeba swali. Neno “connection” limemwonyesha fundi tabaka la usafirishaji, na daftari lake linasema usafirishaji ni mambo ya MAC na fremu. Ndiyo maana akaishika swichi (alama 2). Lakini matokeo yanamkana. Ping imepata jibu, kwa hiyo jina limetafsiriwa, kebo na swichi ni nzima, na njia ya kwenda na kurudi ipo (alama 1). Ping yenyewe hutumia ICMP juu ya IP na haigusi poti yoyote, basi haiwezi kusema lolote kuhusu 443. “Connection refused” maana yake ombi la TCP limefika na limekataliwa waziwazi, kwa kawaida kwa RST: ama hakuna programu inayosikiliza poti 443, ama ngome ya moto inakataa (alama 1). Mahali pa kwenda ni seva ya Malindi, kwa mfano kwa amri `ss -ltn` kuona kama poti hiyo imefunguliwa (alama 1). Mtahiniwa akitaja ngome ya moto peke yake apewe alama hiyo pia.

Kifungu (c). CRC ya Etheneti hulinda fremu kwenye kiungo kimoja tu. Ruta huipokea fremu, huikagua, huivua, kisha hutengeneza fremu mpya yenye CRC mpya (alama 2). Biti ikiharibika ndani ya kumbukumbu ya ruta, CRC mpya itakokotolewa juu ya data iliyokwisha kuharibika na kila kiungo kitakachofuata kitaiona safi (alama 2). Cheksamu ya TCP hukokotolewa na mtumaji na kukaguliwa na mpokeaji wa mwisho, hivyo inaweza kulikamata kosa hilo (alama 1). Atakayesema kwamba IP inatosha kulinda data amekosea: cheksamu ya IPv4 hukagua kichwa cha pakiti pekee, na IPv6 haina kabisa. Atakayeongeza kuwa cheksamu ya TCP, yenye biti 16, ni dhaifu kuliko CRC ya biti 32 amesema kweli, ila hilo halimsaidii yule mwenzake.

Wapo watakaojibu kwa matabaka saba ya OSI, yaliyochapishwa na ISO mwaka 1984, na wapo watakaotumia manne ya RFC 1122 ya mwaka 1989. Wasiadhibiwe, mradi kazi imekaa mahali pake katika mfumo waliouchagua. Atakayesema kwenye (b)(ii) kwamba tatizo ni cheti cha TLS asipewe alama ya utambuzi, kwa sababu TLS huanza baada ya TCP kukubaliwa, na hapa haikukubaliwa.