Muhtasari wa tangazo la ufilisi kwa mdai: Kikundi cha wafugaji nyuki, Wilaya ya Sikonge

Tabora, 12 Machi 2026

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: TANGAZO LA MFILISI LA TAREHE 2 MACHI 2026 NA DENI LA ASALI LA KIKUNDI CHENU

Nimelisoma tangazo mlilonikabidhi Jumanne pamoja na fomu iliyoambatishwa, nikalilinganisha na daftari lenu la mizani. Nakuandikia ili wewe na wanakikundi mjue tangazo linawataka mfanye nini na kwa tarehe ipi, na mtarajie kulipwa nini. Neno moja nalitanguliza kwa sababu kila kitu kinategemea hilo: kampuni mliyoiuzia asali (nitaiita Kampuni) haitalipa madeni yake yote, na mdai ambaye hatapeleka uthibitisho wa deni lake hatahesabiwa hata kama Kampuni nzima inajua kuwa anadai.

Tangazo linasema kwamba ombi la kuifilisi Kampuni lilifunguliwa Mahakama Kuu, Kanda ya Tabora, tarehe 10 Novemba 2025, na amri ya ufilisi ikatolewa tarehe 16 Februari 2026. Tangu amri hiyo, mali yote ya Kampuni iko chini ya mfilisi, na wakurugenzi pamoja na meneja hawana tena mamlaka ya kulipa wala kuahidi. Sheria ya Kampuni, Sura ya 212, inahesabu ufilisi wa mahakama kuwa ulianza siku ombi lilipofunguliwa, wala si siku ya amri, na tofauti hiyo inawagusa ninyi moja kwa moja, kama nitakavyoeleza. Vilevile hamwezi sasa kufungua kesi ya madai dhidi ya Kampuni bila kibali cha mahakama. Najua baadhi ya wanakikundi wanataka kwenda mahakamani, nami nawaelewa, lakini njia iliyo wazi kwenu leo ni ile ya fomu ya uthibitisho wa deni.

Tarehe za kushika ni mbili, na ya kwanza ndiyo inayosahaulika. Mwisho wa kupokea uthibitisho wa madeni ni Ijumaa, 17 Aprili 2026, saa 9:30 alasiri, katika ofisi ya mfilisi hapa mjini Tabora. Lakini mkutano wa wadai utafanyika Jumatano, 25 Machi 2026, saa 4 asubuhi, na tangazo linaeleza kwamba atakayepiga kura ni yule tu ambaye uthibitisho wake utakuwa umepokelewa kabla ya saa 9:30 alasiri ya Jumatatu, 23 Machi. Iddi inatarajiwa Ijumaa tarehe 20 au Jumamosi tarehe 21 kufuatana na mwandamo wa mwezi, kwa hiyo siku mlizo nazo kwa kweli ni chache kuliko zinavyoonekana. Naomba mlete karatasi zote kwangu Jumatatu tarehe 16, mle kiapo Jumatano tarehe 18, nami nitaipeleka fomu Alhamisi tarehe 19. Msiitegemee ile tarehe ya Aprili: mwanzoni mwa mwezi huo kuna Ijumaa Kuu tarehe 3, Jumatatu ya Pasaka tarehe 6 na Siku ya Karume tarehe 7, ofisi zikiwa zimefungwa. Anayechelewa hata baada ya 17 Aprili bado anaweza kuomba apokelewe, ila fedha ambayo itakuwa imekwisha kugawanywa kwa wenzake hairudishwi kwa ajili yake.

Sasa kuhusu kiasi cha deni. Wanakikundi wanasema mnadai Sh 31,500,000. Hiyo ni thamani ya asali mliyopeleka. Deni ni pungufu ya hapo. Kwa hesabu niliyoipata katika daftari na hati za kupokelea mzigo, maelezo ya deni katika fomu yaandikwe hivi:

"Kikundi kiliiuzia Kampuni asali kwa bei ya Sh 7,500 kwa kilo kwa mujibu wa mkataba wa maandishi. Mwezi Juni 2025 kilipeleka kilo 1,600 zenye thamani ya Sh 12,000,000. Mwezi Agosti 2025 kilo 1,450 zenye thamani ya Sh 10,875,000. Na mwezi Oktoba 2025 kilo 1,150 zenye thamani ya Sh 8,625,000. Jumla ni Sh 31,500,000. Kampuni ililipa Sh 7,000,000 mwezi Septemba 2025 na Sh 2,000,000 tarehe 5 Desemba 2025. Aidha, mwezi Machi 2025 Kampuni ilikikopesha Kikundi Sh 3,000,000 za kununulia mizinga, nazo hazijakatwa katika mauzo. Salio linalodaiwa ni Sh 19,500,000. Kikundi hakina rehani wala dhamana yoyote juu ya mali ya Kampuni."

Fedha ya mizinga lazima itajwe. Mlipozungumza nami mmoja wenu aliuliza kama inaweza kuachwa, kwa kuwa Kampuni haikuwahi kuikata. Sheria inataka madeni ya pande mbili yapunguzwe moja kwa lingine kabla ya mdai kuhesabiwa salio lake. Mfilisi anavyo vitabu vya Kampuni na ataiona fedha hiyo, na fomu hii inaambatana na hati ya kiapo, kwa hiyo atakayeapa kwa kiasi kisicho cha kweli anajiingiza mwenyewe katika kosa la jinai. Riba msiiandike, kwa sababu mkataba wenu hauna kifungu cha riba.

Ile Sh 2,000,000 ya tarehe 5 Desemba inanipa wasiwasi. Ilitumwa kwa simu na meneja baada ya ombi la ufilisi kufunguliwa, na malipo yanayotoka katika mali ya kampuni baada ya siku hiyo ni batili isipokuwa mahakama iyaridhie. Mfilisi anaweza kuwaandikia akiidai. Msiirudishe kwa meneja wala kwa mtu yeyote atakayekuja kwa maneno ya mdomo. Barua ya mfilisi ikifika, niletee siku hiyo hiyo. Mkilazimika kuirudisha, deni lenu litapanda kuwa Sh 21,500,000. Na kama meneja ataahidi tena kuwalipa pembeni ili msipeleke fomu, kataeni, kwa kuwa hana tena mamlaka juu ya shilingi moja ya Kampuni.

Fomu itiwe saini nawe kwa niaba ya kikundi. Uje na muhtasari wa kikao kilichokuidhinisha, nakala ya cheti cha usajili wa kikundi, mkataba, hati tatu za kupokelea mzigo zenye saini ya mpokeaji wa Kampuni, daftari la mizani lenyewe, taarifa ya benki ya Septemba, na simu iliyopokea ule ujumbe wa Desemba ili tuuchape. Hati ya Agosti niliyoiona imelowa na saini haisomeki vizuri. Kama dereva aliyeshusha mzigo yupo na anakumbuka, aje naye aandike kiapo chake. Kiapo kitaapwa mbele ya kamishna wa viapo, nasi tutabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo hamtakuwa na cha kuonyesha fomu ikipotea.

Yapo mambo mawili ambayo hayaingii katika fomu hii. La kwanza ni ndoo 60 za lita 20 mlizoacha kiwandani mwezi Oktoba. Hizo ni mali yenu, si deni, wala hazigawanywi kwa wadai. Nitamwandikia mfilisi barua ya pekee kudai zirudishwe, na mtanipa alama mlizoziandika ubavuni. La pili ni vijana wawili wa kikundi waliokuwa wakichuja asali kiwandani kwa mshahara. Madai yao ya mshahara ni yao binafsi na yana kipaumbele ambacho kikundi hakina. Kila mmoja ajaze fomu yake, na mwambieni kila mmoja wao jambo hili leo.

Kuhusu nafasi yenu katika foleni ya malipo, nitasema kama ninavyoona. Mwenye rehani juu ya mali fulani hulipwa kutokana na mali hiyo. Katika mali inayobaki, gharama za ufilisi hutangulia, kisha madeni ya kipaumbele, ambayo hasa ni kodi za Serikali na mishahara ya wafanyakazi kwa kiwango na muda uliowekwa na sheria. Kisha huja mwenye dhamana inayoelea, yaani ile isiyoshika kitu kimoja bali inayofunika bidhaa na mali nyingine kadiri zinavyobadilika, na madeni ya kipaumbele humtangulia katika mali hiyo. Baada yake ndipo wadai wa kawaida hugawana kilichobaki kwa uwiano wa madeni yao, na wanahisa huwa wa mwisho kabisa. Ninyi ni wadai wa kawaida. Kwamba mlikuwa wakulima na asali ilikuwa jasho lenu haibadilishi nafasi hiyo, na inaniuma kuiandika.

Makadirio yaliyo katika tangazo ni haya. Jengo na mitambo vinakadiriwa kuuzwa Sh 480,000,000, wakati benki inadai Sh 610,000,000, kwa hiyo benki itabaki ikidai Sh 130,000,000. Asali iliyopo, gari na madeni ambayo Kampuni inawadai wengine vinakadiriwa kuleta Sh 140,000,000. Ukitoa gharama za ufilisi Sh 35,000,000 na madeni ya kipaumbele Sh 58,000,000, zinabaki Sh 47,000,000. Swali lote la malipo yenu limo katika fedha hiyo. Kama dhamana ya benki inaishia kwenye jengo na mitambo, benki itaingia kwa salio lake kati ya wadai wa kawaida. Wengine, ninyi mkiwemo, wanadai jumla ya Sh 105,000,000, kwa hiyo Sh 47,000,000 zitagawanywa kwa madeni ya Sh 235,000,000, na kila shilingi italipwa senti 20. Ninyi mtapata Sh 3,900,000. Lakini kama benki ina dhamana inayoelea iliyosajiliwa ipasavyo kwa Msajili wa Kampuni, itachukua Sh 47,000,000 zote na ninyi hamtapata kitu.

Tangazo linasema tu "dhamana ya benki" bila kueleza inafunika nini. Nimeagiza upekuzi wa kumbukumbu za Kampuni kwa Msajili, na majibu nitayaleta kwenye mkutano wa tarehe 25. Dhamana ambayo haikusajiliwa ndani ya muda wa kisheria haina nguvu dhidi ya mfilisi na wadai wengine, kwa hiyo upekuzi huo una thamani kwenu kuliko barua yoyote ya malalamiko. Nataka uwepo mwenyewe mkutanoni, uliulize swali hilo kwa sauti na jibu liandikwe kwenye kumbukumbu. Ukishindwa kusafiri, utanipa hati ya uwakilishi, ambayo nayo lazima ifike kwa mfilisi kabla ya ile saa 9:30 ya tarehe 23.

Baada ya hapo mfilisi atakubali deni, atalikubali kwa sehemu au atalikataa kwa sababu atakazoziandika. Akilikataa, mnaweza kuiomba Mahakama Kuu ibadilishe uamuzi huo, ila muda wa kufanya hivyo ni mfupi. Mgawo wowote hautegemewi kabla mali haijauzwa, kwa hiyo msikope kwa kutegemea fedha hii, wala msiipangie mizinga ya msimu ujao.

Nakusubiri Jumatatu, saa 3 asubuhi.

Wako katika kazi,

Wakili wa kujitegemea,
Tabora